Nauli ya mchana inacheza, ya mvua imekauka: siri iko kwa viti

Simama steji yoyote ya Nairobi saa nane mchana, siku ya kawaida isiyo na mvua, usikie vile makanga wanaita. Huyu anasema tao ni 50. Wa gari la pili anasema 40. Dakika chache zikipita, wa kwanza ameshuka hadi 30 na anakuvuta mkono. Ukirudi kesho yake saa ile ile, unapata bei zingine kabisa. Sasa njoo jioni, mvua ikimwagika. Kila mtu anaitisha bei moja, iko juu, na ukijaribu kuomba upunguziwe hata bob tano unaangaliwa kama mtu aliyepotea njia.

Sisi abiria tuna maelezo yetu tayari. Ya mchana tunasema ni fujo tu, hawa watu hawana mpango. Ya jioni tunasema ni njama, wamekaa chini wakakubaliana kutunyonya. Inaweza kuwa kweli. Lakini nataka nikuonyeshe kitu ambacho kilinishangaza nilipokaa nacho na kikokotoo: hizo hali mbili zinaweza kutoka kwa sababu moja, bila fujo na bila njama yoyote. Sababu yenyewe ni idadi ya viti.

Wanauchumi wamebishana kuhusu hii stori tangu karne ya 19. Twende polepole, hesabu yake ni ya kujumlisha na kuzidisha tu.

Wazee watatu na ubishi wao

Mwaka wa 1838, Mfaransa kwa jina Antoine Augustin Cournot aliandika kuhusu watu wawili wenye chemchemi za maji ya madini. Kwake, kila mmoja anaamua atauza maji kiasi gani, kisha soko lenyewe linapanga bei. Matokeo: bei inatulia mahali fulani katikati, na wote wawili wanapata faida.

Mwaka wa 1883, Mfaransa mwingine, Joseph Bertrand, akamkosoa. Akasema wafanyabiashara hawakai hivyo. Wanatangaza bei, na mteja anaenda kwa aliye rahisi. Kama wewe unauza 50, mimi nitauza 49 nichukue wateja wako wote. Wewe utauza 48. Tutashushana hivyo hadi bei ifike kwenye gharama yenyewe, na hapo hakuna anayebaki na faida.

Ukifikiria hoja ya Bertrand, utaona ina shimo. Anaposema "nichukue wateja wako wote", anadhani nina mahali pa kuwaweka. Je, kama gari langu lina viti 50 na watu wanaotaka kusafiri ni 75? Hata nikiita bei ya kutupa, kuna watu 25 ambao lazima wabaki chini, na hao ni wako.

Shimo hilo ndilo alilolichimba Francis Ysidro Edgeworth, mzaliwa wa Ayalandi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Oxford. Kwenye makala aliyochapisha kwa Kiitaliano mwaka wa 1897, alisema kwamba wauzaji wakiwa na kikomo cha wanachoweza kuuza, bei huenda isitulie kabisa. Itapanda na kushuka, na hakuna nambari moja ambayo unaweza kuinyoshea kidole useme hapa ndipo mwisho.

Tujenge steji yetu

Tuchukue mfano, nambari zote ni zangu za kufikirika. Steji moja ya Eastlands ina magari mawili yanayoenda tao, Nyekundu na Kijani. Kila moja lina viti 50. Yote yamepanga foleni, dizeli ishaingia, dere yuko, kamagera keshapewa chake. Kwa hivyo kumbeba abiria mmoja zaidi hakumgharimu mwenye gari karibu chochote. Kila bob inayoingia ni yake.

Abiria nao wako hivi. Safari ikiwa bure, watu 100 watapanda. Kila nauli inapoongezeka bob mbili, mtu mmoja anaamua kutembea au kubaki keja. Kwa hivyo nauli ikiwa 50, wanaotaka kusafiri ni 75. Ikiwa 100, ni 50. Ikifika 200, hakuna mtu.

Kitu kimoja cha kukumbuka: gari la bei ya chini ndilo linalojaa kwanza. Waliokosa kiti ndio wanaofikiria gari la pili. Kwa sasa tuseme pia kwamba wanaowahi viti vya bei rahisi ni wale wenye haraka zaidi, walio tayari kulipa zaidi kushinda wengine. Hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu lina uzito.

Haya, tuanze. Magari yote yanaitisha 60. Abiria wako 70, wanagawanyika 35 kwa 35, na kila gari linapata bob 2,100. Makanga wa Kijani anaangalia viti vyake 15 vilivyo vitupu, anashusha hadi 58. Gari lake linajaa: viti 50 mara 58 ni 2,900. Nyekundu, akibaki kwa 60, anaachiwa watu 20 tu, yaani 1,200. Ungekuwa wewe, ungekaa? Nyekundu anashuka hadi 56, anajaza, anapata 2,800. Sasa Kijani ndiye anayelia, kwa hivyo naye anashuka.

Mpaka hapa Bertrand anacheka na kusema, si niliwaambia. Lakini tuendelee chini tuone.

Bei inashuka hadi 40, hadi 30, hadi Kijani anaita 26. Nyekundu anapiga hesabu. Akishuka hadi 24, atajaza viti 50 na kupata 1,200. Lakini kuna njia nyingine ambayo hakuwa ameifikiria bei ilipokuwa juu. Aachane na vita. Amwache Kijani ajaze watu wake 50, halafu yeye aitishe bei nzuri kwa wale waliokosa kiti. Akiita 50, wanaotaka kusafiri kwa bei hiyo ni 75, toa 50 walio ndani ya Kijani, anabaki na 25. Watu 25 mara 50 ni 1,250.

Umeona? Gari lililojaa nusu kwa bob 50 linaleta pesa zaidi kuliko gari lililojaa pomoni kwa bob 24. Nyekundu anapandisha bei ghafla hadi 50.

Na je, Kijani atakaa kwa 26 akimwangalia? Thubutu. Jirani yake akiwa 50, yeye anaweza kuita 49 na bado gari lijae. Bob 1,300 zinageuka kuwa 2,450. Anapanda. Nyekundu naye anaona anaweza kuita 48. Mchezo umeanza upya.

Huo ndio mzunguko wa Edgeworth. Bei inashuka kidogo kidogo kama mtu anayeshuka ngazi, ikifika karibu 25 inaruka juu hadi 50, kisha inaanza kushuka tena.

Kwa nini hakuna bei ya kutulia

Labda unasema, si wangekubali tu bei moja ya katikati, waache kuzunguka? Hebu tujaribu kuitafuta. Tunachotafuta ni jozi ya bei ambayo, baada ya kila mmoja kuona bei ya mwenzake, hakuna anayejuta. Wanauchumi huita hali hiyo msawazo. Na kila mmoja akiwa na bei moja aliyoishikilia, wanaiita msawazo wa mkakati safi.

Kuna uwezekano wa aina tatu. Wa kwanza, bei zao zinatofautiana. Hapo mwenye bei ya chini anajuta, kwa sababu angeweza kupanda hadi bob moja chini ya mwenzake na gari bado lingejaa. Wa pili, bei zao ni sawa na ziko juu kidogo, tuseme 40 kwa 40. Abiria ni 80, kila mmoja anapata 40, yaani 1,600. Lakini akishuka hadi 39 anajaza 50 na kupata 1,950. Anajuta. Wa tatu, bei zao ni sawa na ziko chini, tuseme 26 kwa 26. Abiria ni 87, kila gari linapata wastani wa mapato ya 1,131. Akiruka hadi 50 angepata 1,250. Naye anajuta.

Hizo ndizo nafasi zote. Ukichagua jozi yoyote, kuna mtu anayejuta. Si kwamba makanga hawajui hesabu, au hawajafikiria vya kutosha. Bei yenyewe ya kutulia haipo. Bei ya juu inavunjwa na tamaa ya kujaza gari, na bei ya chini inavunjwa na uhakika kwamba kuna watu ambao mwenzako hawezi kuwabeba hata akitaka.

Na ukitaka kujua sababu ni viti, mpe kila mmoja viti 100. Sasa Nyekundu akipandisha bei, hakuna anayebaki chini, wote wameingia Kijani. Mlango wa kuruka juu umefungwa. Bei inaanguka hadi sufuri vile Bertrand alisema, na inakaa huko.

Makanga anayerusha sarafu

Sasa, mzunguko wa Edgeworth una udhaifu wake. Unadhani kila makanga anajibu bei ya jirani ya sasa hivi bila kujiuliza atajibiwaje. Ukicheza karata na mtu wa hivyo kila siku, utamzoea. Ukijua atashusha bob mbili, wewe unashusha nne.

Makanga mjanja anajua jambo la maana ni kutotabirika. Asubuhi anachagua bei bila jirani kujua ataita ngapi. Leo 28, kesho 41, kesho kutwa 26. Wanauchumi wanaita hiyo mkakati mchanganyiko: badala ya bei moja, una mfuko wa bei, na unachomoa moja kwa kipimo maalumu. Mwaka wa 1972, Richard Levitan na Martin Shubik walionyesha jinsi ya kukokotoa mfuko huo kwa wauzaji wawili wenye kikomo.

Kwa steji yetu, mfuko una bei za kati ya 25 na 50. Lakini hazichomolewi sawa. Mara 5 kati ya 9, bei iko chini ya 30. Mara 15 kati ya 16, iko chini ya 40. Bei za karibu na 50 zinatoka mara chache sana.

Unajuaje kipimo hicho ni sahihi? Jaribu mwenyewe. Tuseme Nyekundu anatumia mfuko huo, na wewe ndiye Kijani. Ukiita 30, mara 5 kati ya 9 Nyekundu atakuwa chini yako, kwa hivyo unabaki na abiria 35. Mara 4 kati ya 9 atakuwa juu yako, na wewe unajaza 50. Kwa wastani unapata abiria 41 na sehemu kidogo, na ukizidisha kwa 30, ni 1,250. Sasa jaribu 40. Mara 15 kati ya 16 unabaki na 30, mara 1 kati ya 16 unajaza. Wastani ni abiria 31 na robo, mara 40, ni 1,250 tena. Bei yoyote ya ndani ya mfuko inakupa wastani ule ule, kwa hivyo huna sababu ya kushikilia moja. Yeye pia yuko hivyo hivyo.

Kwa hivyo msawazo upo, ila si wa bei. Ni msawazo wa tabia ya kubahatisha. Ile kelele ya saa nane mchana, ambapo leo ni 30 na kesho ni 45, inaweza kuwa ndiyo utulivu wenyewe wa steji.

Sarafu nayo ina sauti

Hapa wewe uliyezoea matatu utanipinga. Utasema, nauli haishuki bob moja moja. Ni 50, 40, 30, basi. Nani ana sarafu za kurudisha bob moja?

Uko sahihi, na jambo hilo linabadilisha jibu. Tuseme bei inaruka kwa kumi kumi tu. Wote wakiwa 40, kila mmoja anapata 1,600. Akitaka kumpiga mwenzake lazima ashuke hadi 30, na hata akijaza viti vyote 50, anapata 1,500. Amepoteza. Akipanda hadi 50 anapata 1,250. Amepoteza pia. Kwa hivyo 40 kwa 40 inatulia! Na ukipiga hesabu utaona hata 30 kwa 30 inatulia. Bei ambayo isingekuwepo kwa shilingi moja moja, inapatikana kwa sababu hatua ya kushuka ni kubwa mno.

Sasa fikiria siku ambayo wote wanalipa kwa simu, na 39 ni rahisi kutuma kama 40. Kile kizuizi cha sarafu kinaondoka, na kuitana bei kunaweza kuanza upya.

Viti 33 na mvua

Turudi kwa viti. Badilisha magari yote mawili, weka yale ya viti 33 ambayo yamejaa Nairobi. Jumla ya viti ni 66. Bei inayofanya watu 66 hasa watake kusafiri ni 68. Kila gari linajaa na kupata 2,244.

Je, kuna anayejuta? Ukishusha, gari lilikuwa limejaa tayari, kwa hivyo unapunguza pesa zako bure. Ukipandisha hadi 70, wanaotaka ni 65, toa 33 wa jirani, unabaki na 32. Mara 70 ni 2,240. Umepoteza bob nne. Hakuna njia ya kuboresha. Bei ya 68 inatulia kama jiwe, hata kwa shilingi moja moja.

Kwa steji hii, mpaka uko kwenye theluthi ya watu ambao wangepanda bure, yaani viti 33 na kitu. Kila gari likiwa na viti visivyozidi hapo, bei inatulia juu. Vikizidi hapo lakini visifike 100, bei inacheza. Vikifika 100, bei inaanguka chini na kukaa.

Na sasa unaweza kuielewa mvua. Mvua haibadilishi viti, inabadilisha watu. Rudisha yale magari ya viti 50, lakini waliokuwa tayari kutembea sasa hawataki, kwa hivyo safari ingekuwa bure, wangepanda 160 badala ya 100. Theluthi ya 160 ni 53 na kitu, na viti 50 viko chini ya hapo. Steji ile ile iliyokuwa ikicheza mchana imevuka mpaka. Bei inayojaza viti 100 sasa ni 120, na hakuna makanga mwenye sababu ya kushuka, kwa maana gari lake litajaa hata hivyo. Wote wataitisha 120 bila kuongea neno moja kati yao.

Usinielewe vibaya. Bei hiyo inauma, hasa kama mfukoni una 80 na nyumbani ni mbali. Ninachosema ni kwamba bei moja iliyoganda haitoshi kuwa ushahidi wa njama.

Kabla hujachukua mkopo wa basi

Kuna swali limebaki, na kwa wewe unayefikiria kuingia kwenye hii biashara na marafiki zako, ndilo lenye pesa. Nani anachagua viti?

David Kreps na José Scheinkman walijibu hilo mwaka wa 1983. Walisema wauzaji kwanza wanachagua uwezo, kisha baadaye ndipo wanapigana kwa bei. Wakijua vita vya bei vitakuwaje, wanachagua uwezo mdogo tangu mwanzo, na kwa masharti kama yale ya steji yetu, wanaishia mahali pale pale ambapo Cournot alisema mwaka wa 1838. Kwetu sisi, hapo ni viti 33 na kitu.

Tujaribu. Wewe na jirani mko na gari la viti 33, kila mmoja anapata 2,244 kwa safari. Unauza lako, unachukua mkopo, unaleta la viti 50. Bei inaanza kucheza. Ukikokotoa mkakati mchanganyiko wa hali hiyo, wastani wako unakuwa 2,244 na senti 50. Yaani umeongeza viti 17 na kupata nusu shilingi. Jirani yako, ambaye hajafanya lolote, anaanguka hadi kama 1,480. Na yeye akikasirika akaleta la 50 pia, wote mnashuka hadi 1,250. Kwake hata kukasirika ni hasara.

Gari kubwa linaonekana kama pesa nyingi kwa sababu unahesabu viti vilivyojaa kwa nauli ya leo. Lakini viti vyenyewe ndivyo vinavyoivunja nauli ya leo. Abiria atafurahi, benki itapata chake. Wewe, hapana.

Mlangoni nani anaingia kwanza?

Niliahidi kurudi kwa wale wanaowahi viti vya bei rahisi. Tulisema ni wenye haraka zaidi. Lakini unajua mlango wa matatu: anaingia mwenye bega na aliyekuwa karibu. Tuseme basi wanaingia kwa bahati tu.

Chukua magari ya viti 33, bei 68. Mmoja aruke hadi 100. Kwa 68, watu 66 wanataka, na nusu yao wanapata kiti kwa jirani. Wenye uwezo wa kulipa 100 ni 50, na kwa kuwa viti vimegawanywa kwa bahati, nusu yao wamekosa. Hao 25 wanalipa 100 kila mmoja, jumla 2,500. Hiyo inazidi 2,244. Bei iliyokuwa jiwe imevunjika.

Carl Davidson na Raymond Deneckere waliandika mwaka wa 1986 kwamba matokeo ya Kreps na Scheinkman yanategemea sana utaratibu huo wa nani anapata kiti kwanza. Kwa hivyo mpaka wa theluthi niliokupa si sheria ya dunia. Ni sheria ya steji ambako wenye haraka wanatangulia. Pale ambapo watu wanasukumana, bei inaweza kucheza hata viti vikiwa vichache.

Sasa, ukitaka kutofautisha uhaba wa viti na njama, usiangalie bei pekee. Angalia gari linapoondoka. Bei moja, iko juu, na kila gari linatoka limejaa: hapo viti ni vichache, na kelele yako ielekeze kwa uhaba wa magari. Bei zinatofautiana, na aliye ghali anaondoka na viti vitupu bila kusikitika: huo ni mchezo wa Edgeworth, subiri kidogo utapata aliye rahisi. Lakini bei ikiwa moja, iko juu, magari yamepanga foleni na viti vitupu, na hakuna makanga hata mmoja anayethubutu kushusha, basi kuna kitu kinawazuia. Labda ni ukubwa wa sarafu. Labda ni sako iliyopanga nauli na kumngoja mtu aivunje. Hapo ndipo una haki ya kuuliza walikaa wapi wakakubaliana.